Ovadrafti inalala usiku: jinsi riba na tozo zinavyojijenga, na namna ya kutoteleza ndani yake

Mama mmoja anayeuza vitenge na mashuka kwa jumla karibu na Mtaa wa Congo, Kariakoo, aliniita dukani kwake mwanzoni mwa Julai. Ninaandika vitabu vya hesabu vya maduka kadhaa pale sokoni, lake likiwamo. Alikuwa ameshika taarifa ya akaunti iliyokunjwa mara nne, na kidole kimesimama kwenye mstari wa mwisho.

"Mwanangu, hawa wamenikata laki na nusu. Si waliniambia riba ni kumi na nane kwa mwaka? Mwaka wenyewe umeisha lini?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Asilimia 18 kwa mwaka inasikika ndogo ukiwa umekaa mbele ya meza ya afisa mikopo. Lakini ovadrafti haihesabiwi kwa mwaka. Inahesabiwa kila usiku, na juu ya riba kuna tozo ambazo hazijali umekopa kiasi gani. Nitatumia akaunti ya mama huyu kwa mwezi mmoja, Juni, ili uone pesa ilipopitia. Kiwango cha riba na tozo ni za mkataba wake. Wako unaweza kuwa tofauti, ila njia ya kuhesabu ni ileile.

Kwanza, elewa unachonunua

Ovadrafti ni ruhusa ya akaunti yako ya hundi kwenda chini ya sifuri hadi kiasi mlichokubaliana. Kiasi hicho ndicho kikomo. Cha mama ni shilingi 10,000,000. Hakupewa milioni kumi mkononi; aliambiwa tu kwamba akiandika hundi na akaunti haina kitu, benki italipa mpaka deni lifike hapo. Asipoitumia, halipi riba. Akitumia milioni mbili, analipia riba ya milioni mbili.

Ni tofauti na mkopo wa kawaida, ambao una rejesho la kila mwezi na tarehe ya kumaliza. Hapa hakuna rejesho. Kila pesa inayoingia inapunguza deni yenyewe, na kila inayotoka inaliongeza. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na hapo ndipo watu wanapotelezea, kwa sababu hakuna anayekupigia simu kukukumbusha tarehe 5 kwamba rejesho limefika. Na kuna kifungu ambacho wengi hawakisomi: benki inaweza kuidai ovadrafti yote wakati wowote ikitaka.

Jifunze bei ya usiku mmoja

Mifumo ya benki hutazama salio lako siku inapofungwa. Ukiwa hasi muda huo, riba ya siku inahesabiwa na kuwekwa pembeni. Mwisho wa mwezi zote zinajumlishwa na kukatwa kwa mkupuo. Ni kama chumba cha gesti: unalipia kulala, hulipii kupita. Ukienda hasi milioni tano saa nne asubuhi na ukaziba kabla siku haijafungwa, usiku huo hauna riba.

Hesabu ni hii: deni mara kiwango cha riba, gawanya kwa siku 365. Kwa milioni moja na asilimia 18, jibu ni shilingi 493 kwa usiku. Shika namba hiyo moja tu, mengine yote yanatoka hapo. Milioni kumi zikilala usiku mmoja ni shilingi 4,931. Wikendi inahesabiwa: deni la Ijumaa jioni lisipoguswa mpaka Jumatatu limelala mara tatu.

Angalia pia mkataba wako unagawanya kwa 365 au 360. Wakigawanya kwa 360, usiku wa milioni moja unakuwa shilingi 500 kamili. Tofauti ni ndogo, lakini utajikuta unabishana na taarifa ya benki bila sababu kama hujui wanatumia ipi.

Sasa tuitembeze Juni ya mama

Mwezi ulianza vizuri, akaunti ikiwa na 1,200,000 zake mwenyewe. Tarehe 3 alimlipa msambazaji 7,200,000 za mzigo, akaunti ikashuka hadi hasi milioni 6. Ikalala hapo usiku 6. Tarehe 9 aliweka mauzo, milioni 2, deni likawa milioni 4 kwa usiku 6 mingine. Tarehe 15 akalipa kodi ya fremu, milioni 5, deni likapanda hadi milioni 9 na kulala usiku 5.

Tarehe 20 ndiyo iliyomponza. Hundi ya 2,500,000 aliyompa mtu wa usafirishaji mwishoni mwa Mei, na ambayo alikwishaisahau, ikapelekwa benki. Benki ikailipa. Deni likawa 11,500,000, yaani 1,500,000 juu ya kikomo, na likalala hivyo usiku 5. Tarehe 25 aliweka 5,500,000 na kurudi kwenye hasi milioni 6, akamaliza mwezi hapo, usiku 6.

Ili kupata riba, zidisha milioni kwa idadi ya usiku. Sita mara 6 ni 36. Nne mara 6 ni 24. Tisa mara 5 ni 45. Kumi na moja na nusu mara 5 ni 57.5. Sita mara 6 tena ni 36. Jumla ni 198.5. Zidisha kwa bei ya usiku mmoja na utapata shilingi 97,890. Hiyo ndiyo riba ya kawaida ya Juni, na haina hila yoyote ndani yake.

Kwa kiasi kilichozidi kikomo, mkataba wake unaongeza asilimia 6 ya adhabu. Milioni 1.5 kwa usiku 5 inatoa shilingi 1,233. Nilipomtajia namba hiyo alishusha pumzi, maana alidhani adhabu ndiyo iliyommaliza. Haikuwa hiyo. Iliyommaliza ni tozo ya kuzidi kikomo, shilingi 30,000, ambayo iko palepale uzidishe shilingi mia au milioni mbili.

Na tozo haiji peke yake. Huduma za benki zinazolipiwa ada zinabeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kisha juu yake VAT ya asilimia 18. Riba haina kodi hizo, tozo ndiyo inayo. Kama jedwali la tozo limeandika bei kabla ya kodi, zidisha kila tozo kwa 1.298 upate unachokatwa kweli. Elfu thelathini ikawa 38,940. Ada ya mwezi ya kutunza akaunti, elfu kumi, ikawa 12,980. Kwenye taarifa yako utaona mistari midogomidogo imeandikwa `Excise Duty` na `VAT` chini ya kila tozo. Watu wengi huiruka kwa sababu kila mmoja peke yake ni mdogo.

Jumlisha: 97,890, na 1,233, na 38,940, na 12,980. Ni 151,043. Laki na nusu ya mama imepatikana. Tazama ilivyogawanyika: zile siku 5 za juu ya kikomo zilimgharimu 38,940 ya tozo, 1,233 ya adhabu, na 3,699 ya riba ya kawaida ya hiyo milioni moja na nusu, jumla 43,872. Ni karibu asilimia 3 ya pesa aliyoazima kwa siku tano tu. Angemwomba kaka yake, au hata kikoba chake, ingekuwa nafuu.

Usiku wa mwisho wa mwezi

Laki na nusu haikukatwa kutoka mfukoni. Ilikatwa kutoka kwenye akaunti ambayo tayari ilikuwa hasi. Kwa hiyo aliamka tarehe 1 Julai akidaiwa si 6,000,000 bali 6,151,043, na riba ya Julai ikaanza kuhesabiwa juu ya namba hiyo mpya. Riba imezaa riba. Kwa mwezi mmoja mzao huo ni mdogo, kama shilingi 2,300, na sitaki kukutisha nao.

Hatari iko kwa mtu anayefunga mwezi akiwa karibu na dari. Chukua akaunti hiyohiyo, lakini tarehe 30 iwe hasi 9,900,000. Mwenye akaunti ana amani, amebakiza laki moja. Usiku ule benki inakata riba na ada ya mwezi, tuseme 140,000. Deni linakuwa 10,040,000. Amezidi kikomo kwa elfu arobaini bila kununua hata sindano, na tozo ya kuzidi inakuja: 38,940. Elfu arobaini ya kuzidi imemgharimu karibu elfu arobaini nyingine. Na tozo yenyewe ikishakatwa, inamsukuma juu zaidi.

Nimeona akaunti iliyofanya hivi miezi minne mfululizo. Mwenye duka alikuwa akilalamika kwamba benki inamwonea, na kwa kweli hakuna aliyemwambia kwamba riba ndiyo inayomvusha mstari. Utaigundua kwa kutazama tarehe: tozo ya kuzidi kikomo ikitokea siku ya kwanza au ya pili ya mwezi, na hukulipa chochote siku hizo, basi ni riba iliyokusukuma.

Weka dari yako chini ya dari ya benki

Dawa yake ni kuwa na kikomo chako mwenyewe, kilicho chini ya kile cha mkataba, na kukihesabu badala ya kukikisia. Riba kubwa kabisa ambayo ovadrafti ya milioni 10 inaweza kuzaa kwa usiku 30 ni 147,945. Ongeza ada ya mwezi. Inakuja kama laki moja na elfu sitini. Hiyo ni pesa ya benki tayari. Ihesabu kama imekwishatumika tangu tarehe 1. Dari ya mama kwa hiyo ni 9,840,000, kabla hatujagusa hundi zilizo nje.

Hundi zilizo nje ndizo hatua ya pili, na hapa ndipo ninapokuwa mkali kwa wateja wangu. Salio unaloliona kwenye simu si salio lako. Salio lako ni lile la kwenye simu, ukitoa kila hundi uliyoandika ambayo haijapelekwa benki, ukitoa na makato yoyote ya kudumu uliyoagiza. Tarehe 15 Juni simu ya mama ilisema hasi milioni 9. Angetoa ile hundi ya 2,500,000 ya Mei, angeona hasi 11,500,000, siku tano kabla benki haijamwonyesha. Angekuwa na muda wa kumpigia mtu wa usafirishaji.

Huhitaji programu ya hesabu. Nilimwekea daftari la kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto ni hundi alizoandika, namba, jina na kiasi. Ikilipwa, anaipiga mstari. Jumla ya zisizopigwa mstari ndiyo anayoitoa kwenye salio la simu. Dada anayemsaidia dukani hulifanya kila jioni wanapofunga, haichukui dakika kumi.

Anayependa kompyuta anaweza kuweka tarehe kwenye safu ya A, salio la kufunga siku kwenye safu ya B, na fomyula hii kwenye C. Ujumlishe safu ya C mwisho wa mwezi na ulinganishe na kile benki ilichokata.

```
=IF(B2<0, -B2*0.18/365, 0)
```

Zisipolingana kwa shilingi chache, achana nazo. Zikipishana kwa maelfu, kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kugomba: kiwango cha riba kimebadilika, wanagawanya kwa 360, au kuna pesa uliyoiweka wewe tarehe fulani na wao wakaihesabu tarehe nyingine.

Hilo la tatu hutokea sana kwa hundi. Mteja wako akikupa hundi ya benki nyingine na ukaiweka leo, unaweza kuiona kwenye salio la leja leo hiihii, lakini haijakomaa. Mpaka ipite kwenye mfumo wa kubadilishana hundi wa benki, kwa upande wa riba bado unadaiwa. Kwa hiyo mteja anayekulipa milioni 3 kwa hundi na anayekulipa milioni 3 kwa kuhamisha moja kwa moja hawajakulipa sawa, hata kama risiti zinafanana.

Pesa isilale kwenye droo

Ukishaelewa bei ya usiku, utaanza kuiona droo ya duka kwa jicho lingine. Mama alikuwa na desturi ya kukusanya mauzo ya wiki na kuyapeleka benki Jumamosi, kwa sababu foleni inachosha na hapendi kutembea na pesa Msimbazi kila siku. Namwelewa. Lakini tuhesabu. Tuseme anauza milioni 1.5 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Mauzo ya Jumatatu yanalala kwenye droo usiku 5, ya Jumanne usiku 4, na kuendelea. Jumla ni usiku 15 wa milioni 1.5, yaani 22.5 kwa hesabu yetu, na kwa bei ya 493 ni shilingi 11,096 kwa wiki. Kwa mwezi ni kama elfu arobaini na nane.

Analipa elfu arobaini na nane kwa mwezi ili pesa yake ikae ndani ya droo huku akidaiwa upande wa pili. Siku hizi anaweka kwa wakala wa benki aliye mlango wa tatu kutoka kwake, kila jioni, na pesa inasomeka papo hapo. Inamsumbua kitu kimoja tu: wakala naye huwa anaishiwa floti siku za mauzo makubwa, kwa hiyo humpigia mapema.

Kwa upande wa kulipa, fanya kinyume. Msambazaji akikubali, mlipe Jumatatu asubuhi badala ya Ijumaa jioni. Kwa deni la milioni 6, zile usiku tatu ni shilingi 8,877. Sikushauri kumchelewesha mtu haki yake. Nasema tu kwamba kama makubaliano ni "wiki hii au mwanzo wa ijayo", chagua kwa hesabu.

Kuna kosa moja zaidi la droo, nalo ni kuwa na akaunti nyingine yenye akiba. Mtu ana milioni 4 kwenye akaunti ya akiba inayompa riba kiduchu, na hapohapo ana ovadrafti ya milioni 4 inayomla asilimia 18. Ukimwuliza, atakwambia ile ni ya ada ya watoto, haiguswi. Sawa, lakini ihamishie kwenye akaunti inayodaiwa na uitoe siku ya ada. Kikomo bado kipo, pesa utaipata. Sharti ni kwamba uwe na nidhamu ya kutoihesabu kama nafasi mpya ya kununulia mzigo, na wapo ambao najua hawana. Hao nawaambia waache akiba ilale palepale, na gharama yake waibebe.

Tafuta kiini kisichoyeyuka

Ovadrafti yenye afya huyumba: leo hasi, wiki ijayo chanya. Kila mwezi andika namba moja, salio bora kabisa lililofikiwa mwezi ule. Juni, mama alianza chanya. Julai bora yake ilikuwa hasi milioni 3.6. Agosti, hasi milioni 4. Septemba, hasi 4.2. Maana yake kuna kama milioni 4 ambazo hazirudi tena. Hizo si za kuziba pengo kati ya kununua na kuuza. Zimegeuka deni la kudumu.

Tulitafuta zilikoingilia. Sehemu ilikuwa mashuka ya rangi isiyotoka, yaliyojaa stoo. Sehemu kubwa, hata hivyo, ilikuwa matumizi ya nyumbani yaliyopita kwenye akaunti ya biashara: msiba Tanga, na bati la nyumba Chanika. Bati halitauzwa Kariakoo, kwa hiyo pesa yake haitarudi kupitia mauzo ya kawaida.

Kiini kama hicho kiondoe kwenye ovadrafti. Nenda kwa afisa mikopo ukiwa na zile namba za miezi mitatu na uombe milioni 4 zigeuzwe mkopo wa muda maalumu, labda miezi 18 au 24, na kikomo cha ovadrafti kishushwe kufikia milioni 6. Utalipa rejesho, ndiyo, lakini deni litakuwa na mwisho. Benki nyingi zinapenda zaidi ombi hili kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu akaunti iliyoganda karibu na kikomo ni dalili wanayoiogopa wao wenyewe. Ukiiacha igande mpaka ihesabike deni sugu, itasomeka hivyo kwenye kanzidata ya wakopaji na kila benki utakayoiendea itaiona.

Tarehe ambayo kikomo kinakufa

Kikomo huwa cha mwaka mmoja. Kinapofika mwisho hakijihuishi chenyewe. Fundi mmoja anayeuza spea za magari Gerezani aliamini vingine. Kikomo chake kiliisha tarehe 31 Agosti akiwa hasi milioni 8. Tarehe 1 Septemba mfumo ulisoma kikomo ni sifuri, na milioni 8 zote zikawa zimezidi. Adhabu ya asilimia 6 kwa milioni 8 ni shilingi 1,315 kwa siku, na ilikaa siku 12. Hiyo ingevumilika. Kilichouma ni hundi mbili za wasambazaji zilizorudishwa katika siku hizo, kila moja na tozo yake, na mmoja wa wale wasambazaji mpaka leo anataka taslimu.

Kilichochelewesha ni makaratasi: hesabu za mwaka, cheti cha mlipakodi kutoka TRA, na uthamini mpya wa nyumba aliyoweka dhamana. Anza kuyakusanya miezi mitatu kabla. Na ukihuisha, kuna ada ya kuandaa kikomo, ambayo hukokotolewa kwa kikomo chote, si kwa kile unachotumia. Asilimia 2 ya milioni 10 ni laki mbili, na kodi zake inakuwa 259,600. Kama kwa wastani unatumia milioni 6.6 tu, kama mama Juni, ada hiyo peke yake imekuongezea karibu asilimia 4 juu ya ile 18. Kwa hiyo usiombe kikomo kikubwa "kwa usalama". Omba unachokitumia, pamoja na ile nafasi ya riba na hundi tuliyoihesabu.

Ikiwa unaona utazidi kesho

Piga simu kwa tawi leo. Kuzidi kwa ruhusa ya muda, kulikoombwa kabla, mara nyingi kuna masharti mepesi kuliko kuzidi kwa kushtukiza, na hata kama tozo ni ileile, hundi yako haitarudishwa. Omba jibu kwa barua pepe. Kisha linganisha: kuzidi kunagharimu tozo nzima hata kwa laki moja, kwa hiyo kwa kiasi kidogo ni bora kuhamisha kutoka kwenye simu yako na kulipa makato ya kuhamisha.

Usikimbilie kuziba pengo hilo kwa ovadrafti ya simu, zile huduma za kukamilisha muamala kama Songesha ya M-Pesa. Zimetengenezwa kwa ajili ya luku na nauli, siyo mzigo. Nyingi hutoza kwa siku, kwa kiasi maalumu. Tuseme umepungukiwa 20,000, unatozwa 200 ya kuanzia na 200 kila siku. Kwa siku 7 ni 1,600, yaani asilimia 8 kwa wiki moja. Ukilipa jioni ileile ni mia nne tu, na hapo ni huduma nzuri. Kumbuka pia kwamba pesa yoyote ikiingia kwenye simu, deni linajikata kwanza. Mteja akikutumia 20,000 ya kumnunulia kitambaa, utakuta pungufu.

Ukiona mkato usiouelewa

Usiende na hasira, nenda na karatasi. Chapisha taarifa, zungushia mstari unaoulalamikia, andika kando yake hesabu yako, na ambatanisha ukurasa wa mkataba unaotaja tozo hiyo. Iandikie benki barua, upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinaitaka benki ikueleze gharama waziwazi na iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Jibu lisiporidhisha, peleka nakala hizohizo BoT. Kwa hapa Dar es Salaam wapo Mtaa wa Mirambo. Ila ukienda kwao bila kuanza benki kwako, watakurudisha.

Mama hakulalamika. Tulipomaliza kuhesabu ile 38,940, alinyamaza kidogo, akafungua droo, akatoa mauzo ya asubuhi na kumwita dada. "Peleka kwa wakala hizi. Usingoje jioni."

Nikamwambia asubuhi au jioni ni sawa, usiku ndio unaohesabiwa.

"Najua," akasema. "Lakini jioni floti yake inakuwa imemalizwa na wengine."